Chuma Kinapozidi Mwilini: Kwa Nini Ini Huanza na Moyo Hufuata

Swali: Shikamoo Daktari. Mume wangu ni Mwairishi mwenye umri wa miaka 52 na tunaishi Galway. Vipimo vyake vinaonyesha ferritini 1,650, transferini imejaa chuma kwa asilimia 84, na kipimo cha jeni kimeandikwa C282Y mbili. Ameambiwa atolewe damu kila wiki, lakini yeye haumwi chochote ila viungo vya vidole. Mtu anayejisikia mzima anaharibikaje ini na moyo kwa sababu ya chuma? Na watoto wetu wawili wamo hatarini?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hivyo vidole, kwa sababu si jambo la pembeni. Mtazame shemeji akikunja ngumi: ikiwa maumivu yapo kwenye vifundo vikubwa vya kidole cha shahada na kidole cha kati, basi hiyo ni mojawapo ya dalili za mwanzo kabisa za hemokromatosisi ya kurithi, yaani ugonjwa wa mwili kujilimbikizia chuma kupita kiasi, na wagonjwa wengi huidhania kuwa ni uzee au kazi za mikono. Maana yake ni kwamba chuma kimekuwa kikijilimbikiza kwa miaka mingi kabla ya kipimo hicho kuchukuliwa.

Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 tu, nyingi yake ikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila siku utumbo hunyonya miligramu 1 hadi 2 kutoka kwenye chakula, na kiasi kama hicho hupotea kupitia seli za ngozi na za utumbo zinazochakaa na kupukutika. Jambo la kushika hapa ni kwamba mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Figo haziwezi kukimwaga kama zinavyomwaga chumvi. Udhibiti wote umewekwa mlangoni, yaani kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na anayeshika ufunguo ni homoni iitwayo hepsidini, ambayo hutengenezwa na ini. Chuma kikitosha, ini huongeza hepsidini na utumbo huacha kukiingiza kwenye damu. Kikipungua, hepsidini hushuka na mlango hufunguka.

Jeni ya HFE ndiyo inayolisaidia ini kupima kiasi cha chuma kilichopo. Mtu aliyerithi badiliko la C282Y kutoka kwa baba na kutoka kwa mama ana ini lisilotambua kwamba ghala limejaa, kwa hiyo hepsidini hubaki chini na utumbo huendelea kunyonya kana kwamba mwenyewe ana upungufu wa damu. Badiliko hili ni la watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, na hakuna nchi inayojulikana kwa wingi wake kama Ireland, ambako inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 83 hivi amelirithi kutoka pande zote mbili. Si wote watakaougua. Wanawake hukingwa kwa muda mrefu na hedhi na uzazi, ambavyo humwaga chuma, na hata wanaume wengi wenye jeni hizo hawafikii madhara makubwa.

Kwa shemeji, hebu tupige hesabu. Tuseme ananyonya miligramu 2 tu za ziada kwa siku. Kwa mwaka hizo ni miligramu 730, na kwa miaka 20 zinafika karibu gramu 15, yaani mara nne ya chuma chote alichopaswa kuwa nacho. Hakuna siku moja katika miaka hiyo ambayo angehisi tofauti na jana yake.

Sasa twende kwenye hiyo asilimia 84, ambayo kwangu ina uzito kuliko hata ferritini, kipimo cha damu kinachoashiria chuma kilichohifadhiwa mwilini. Transferini ni protini inayobeba chuma ndani ya damu kwa usalama, na kwa kawaida hujaa kwa takriban theluthi moja. Ikipita asilimia 45 tunaanza kushuku. Ikikaribia kujaa kabisa, chuma kinachoendelea kuingia hukosa mbebaji na kuzunguka kikiwa huru. Ini ndilo la kwanza kukipokea, kwa sababu damu yote itokayo kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kuufikia moyo, na seli za ini zina milango inayokivuta ndani chuma hicho huru bila kujali kama zimeshashiba.

Ndani ya seli, chuma huhifadhiwa salama kikiwa kimefungwa katika ferritini. Ghala hilo likifurika, chuma kinachobaki nje hukutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo kila seli huizalisha kidogo kidogo katika shughuli zake za kila siku, na kuigeuza kuwa chembechembe kali zinazochoma mafuta ya kuta za seli, protini na hata vinasaba. Seli inayokufa huamsha majirani zake wanaotengeneza nyuzi za makovu. Hapo ndipo penye jibu la "haumwi chochote": ini halina maumivu ya ndani, lina akiba kubwa ya seli, na kovu hujengwa uzi kwa uzi kwa miongo. Hata vimeng'enya vya ini kwenye damu vinaweza kupanda kidogo tu, au visipande kabisa, huku makovu yakiwa yameshaenea. Kwa hiyo ALT, mojawapo ya vimeng'enya hivyo, ikiwa nzuri isiwatulize.

Makovu yakilizunguka ini lote na kuligawa katika vinundu tunaita sirosisi, na hapo hatari ya saratani ya ini hupanda sana na haiondoki hata chuma kikishatolewa chote. Ndiyo maana ferritini inayopita 1,000 ni mpaka muhimu kwetu: chini yake sirosisi ni nadra, juu yake lazima itafutwe. Shemeji ameshauvuka. Ulizeni kama amefanyiwa kipimo cha ugumu wa ini, kile cha kugusisha kifaa ubavuni bila sindano, na kama MRI ya ini imeombwa. Ikibainika ana sirosisi, atahitaji ultrasaundi kila baada ya miezi 6 maisha yake yote. Ikiwa ni makovu ya hatua za awali, yanaweza kupungua kwa matibabu. Na hapa niseme waziwazi juu ya pombe: pombe hudidimiza hepsidini iliyobaki na kuumiza seli zile zile, kwa hiyo mtu mwenye C282Y mbili anayekunywa sana huifikia sirosisi mapema zaidi kuliko mwenzake asiyekunywa. Mpaka ini lichunguzwe, asinywe kabisa.

Moyo huchelewa. Kwa kawaida ini huwa limeshabeba mzigo mkubwa ndipo chuma huru kinapoanza kuingia kwenye misuli ya moyo kwa wingi, tena kwa kupitia milango ile ile inayoruhusu kalisi kuingia katika kila pigo. Misuli ya moyo haigawanyiki na kujirudishia seli kama ini linavyofanya, hivyo haivumilii sana. Kinachoharibika kwanza si nguvu ya kusukuma bali uwezo wa kulegea: moyo hukakamaa, haujai vizuri kati ya pigo na pigo, na mtu huanza kuhema akipanda ngazi huku kipimo cha nguvu ya kusukuma kikisomeka sawa. Baadaye chuma huvuruga njia za umeme wa moyo, mapigo yakawa hayana mpangilio, na mwishowe moyo hutanuka na kudhoofika, miguu ikavimba. Kwa ferritini ya shemeji, ningeomba ECG na ultrasaundi ya moyo sasa, na kama kuna shaka yoyote, MRI ya moyo yenye kipimo cha T2*. Namba hiyo ikiwa chini ya milisekunde 20, chuma kimeingia moyoni. Ikiwa chini ya 10, ni kingi na ni hatari. Afadhali ni kwamba moyo uliokamatwa mapema hurudi katika hali nzuri, wakati mwingine kikamilifu, chuma kikitolewa.

Kwa nini damu? Kwa sababu ndiko chuma kinakotoka kwa urahisi. Mfuko wa mililita 500 hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili, ukitaka kutengeneza chembe nyekundu nyingine, hulazimika kuchota chuma kwenye ini na viungo vingine. Kwa makadirio, kila mfuko hushusha ferritini kwa 30 hivi, kwa hiyo kutoka 1,650 hadi lengo la karibu 50 itahitajika mifuko hamsini na kitu, yaani mwaka mzima wa kila wiki. Msishangae ferritini ikisuasua miezi ya kwanza. Kabla ya kila mfuko hupimwa wingi wa damu, na ukishuka mno zamu hiyo huahirishwa. Baada ya kufikia lengo, wengi hutolewa mara 3 au 4 tu kwa mwaka. Maumivu ya vidole, kwa bahati mbaya, mara nyingi hayaondoki.

Najua ndugu zetu wakisikia mtu anatolewa damu kila wiki, watatuma ushauri wa vidonge vya kuongeza damu, rozela na maini. Asitumie vidonge vyovyote vyenye chuma, wala vya vitamini C, kwa kuwa vitamini hiyo huongeza unyonyaji. Chakula cha kawaida hakina haja ya kubanwa. Lakini mnaishi Galway, kwa hiyo chaza wabichi ni marufuku: wanaweza kubeba bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, ambaye hustawi kwenye damu yenye chuma kingi na anaweza kuua kwa siku chache.

Kwa wasomaji wa nyumbani, ugonjwa huu wa HFE ni nadra mno kwa Mwafrika, lakini ini na moyo huharibika kwa njia hiyo hiyo kwa wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara, kwa kuwa kila chupa inayoingia huacha chuma kile kile cha miligramu 200 na zaidi. Wao hutibiwa hasa kwa dawa za kunasa chuma.

Kuhusu watoto, kila mmoja amepokea nakala moja ya C282Y kutoka kwa baba yake, hilo halina shaka, kwa sababu baba hana nakala nyingine ya kutoa. Nakala moja peke yake haijazi chuma kwa kiwango cha kuleta ugonjwa. Wangekuwa hatarini endapo nawe ungekuwa na C282Y. Kama asili yako yote ni ya Afrika, uwezekano huo ni mdogo sana, na kipimo kimoja cha jeni kwako kitalimaliza suala bila kuwachoma watoto sindano. Wanaohitaji kupimwa haraka ni kaka na dada za shemeji, ambao kila mmoja ana uwezekano usiopungua asilimia 25 wa kuwa na nakala mbili kama yeye. Wapimwe jeni, ferritini na ujazo wa transferini, hata wale wanaosema hawaumwi.