Michango ya kusafirisha mwili kutoka Houston

"Kaka yetu amefia Houston. Wengine tuko Muscat, wengine Mwanza, kila mtu anatuma kivyake. Tupangeje?"

Poleni sana. Fungueni mfuko mmoja tu, akaunti ya dola huko huko Houston, kwa kuwa kampuni ya mazishi inalipwa huko. Mkikusanyia Mwanza mtabadilisha fedha za Muscat mara mbili, na kila mara mtakatwa. Mtunzaji awe mmoja, mwingine aone salio.

Ahadi ziandikwe kwa dola. Riyali 100 za Oman ni kama dola 260, ila hesabuni kilichoingia, si kilichotumwa.

Siku ya mwisho iwe siku tatu za kazi kabla ya kulipa ankara. Benki za Oman hufunga Ijumaa na Jumamosi, na za Marekani kwa kawaida hazipitishi fedha kutoka nje Jumamosi na Jumapili. Fedha ya Alhamisi jioni huenda ikaonekana Jumatatu au Jumanne. Atakayechelewa, mchango wake uende kwenye gharama za msibani Mwanza.