Wadogo zangu wa fildi, ule ukuta haujaondoka

Jana nimepita nyuma ya meza ya kijana wa fildi, nikakuta shati jeupe la meneja limetobokatoboka kwenye slaidi kama limeliwa na mende, na kwenye matundu inachungulia bluu ya templeti yetu. Alikuwa ameingia Color ya PowerPoint, akachagua Set Transparent Color, akabofya ukuta mweupe. Mwaka jana mwenzake alifanya hivyohivyo, kwenye kiti kilekile. Basi naandika mara moja, mtakaokuja mwakani mkute.

1. Set Transparent Color ni ya nembo na mihuri. Inafuta rangi moja uliyoibofya, popote ilipo: ukutani, kwenye shati, hata kwenye meno ya bosi. Ukuta uliopigwa na simu una weupe wa kila namna, kwa hiyo wenyewe unabaki na madoa wakati shati linaondoka. Picha ya mtu inakwenda Picture Format, kisha Remove Background, kushoto kabisa. Usipokiona kitufe, hujabofya picha, au ulichoweka ni SVG.

2. Ukibofya Remove Background, programu inapaka zambarau sehemu ya picha, na zambarau ndiyo inayoondoka. Nimeshawaona watu wawili wakipaka kichwa cha mtu zambarau kwa bidii, wakidhani wanakilinda. Kama sikio limepakwa, chukua Mark Areas to Keep, chora kamstari kafupi juu ya sikio, uachie mausi. Programu itajipigia hesabu upya. Huna haja ya kufuata ukingo mzima kama fundi cherehani. Nywele nyeusi mbele ya pazia jeusi zitakushinda, mimi pia zilinishinda. Mwite mhusika umpige picha nyingine mbele ya ukuta wa rangi tofauti, ni dakika mbili.

3. Hapa ndipo nilipoungua mwenyewe. Nilikuwa na miezi minne kazini. Tulikuwa na kikao na mteja mkubwa, nikapewa kazi ya slaidi ya kutambulisha timu. Picha niliyokuwa nayo tulipiga kwenye chumba cha mikutano, watu watano wamesimama mbele ya ubao, na ubaoni kuna hesabu za asubuhi ileile: bei tutakayoanzia, na chini yake, kwa wino mwekundu uliozungushiwa duara, punguzo la mwisho tunaloweza kukubali. Asilimia 18. Nikaondoa mandhari ya nyuma, nikasafisha mpaka vidole vya yule wa pembeni, nikabofya Keep Changes. Ilipendeza! Nikajipongeza kwa chai na sambusa mbili.

Kikao kikaenda vizuri, mteja akaomba slaidi, nikamtumia faili lenyewe la .pptx. Siku mbili baadaye wakajibu kwa heshima zote: wameipenda timu, ila picha ingependeza zaidi wakati ubao unaonekana, na wangeshukuru tukianzia mazungumzo kwenye ile namba ya duara.

Nilisoma ile barua pepe mara tatu. Kisha nikafungua faili langu, nikabofya picha, nikabofya Remove Background, na ubao mzima ukarudi umefunikwa zambarau, unasomeka mpaka jina la aliyeazima kalamu. Discard All Changes, na zambarau nayo ikatoka. Kumbe programu haifuti kitu: inahifadhi picha halisi ndani ya faili pamoja na ile iliyokatwa, ili ukijuta urudi. Mteja naye alirudi. Mkuu wangu hakunifokea, alichukua kitambaa, akaenda kufuta ubao uliokwisha kufutwa tangu wiki iliyopita. Ningependa angefoka.

Tangu siku ile nafanya hivi, na nanyi mfanye hivi. Ukishamaliza kukata, bofya picha kwa kitufe cha kulia, Save as Picture, chagua PNG. Ukichagua JPEG sehemu iliyo wazi itajazwa rangi. Kisha futa picha ya zamani kwenye slaidi, na kwenye nakala zake zote, pamoja na zile slaidi mlizozificha, halafu ingiza ile PNG. Jaribio: bofya picha mpya, bofya Reset Picture. Ukuta usiporudi, tuma.

4. Compress Pictures ifanyike kabla ya kukata, siyo baada.

5. Weka kwanza rangi halisi ya slaidi nyuma ya picha, maana kwenye slaidi nyeupe huwezi kuona ule uzi mweupe unaobaki kuzunguka mabega.

Yule kijana wa shati nimemwelekeza, amerudia vizuri, kola imekaa. Leo asubuhi amekuja kuniuliza kama anaweza kumtumia mteja faili. Nimemwomba alifungue nilione, nikabofya picha, nikabofya Reset Picture. Nyuma ya meneja likatokea kabati lililo wazi, na juu yake sufuria ya wali ya mtu.