Kalipso niliyoiongeza kasi imepoteza maneno

*Swali: Nimetunga kalipso ya kejeli kuhusu mashimo ya barabara, beti za mishororo minane, midundo 96 kwa dakika. Nataka iwe soka (muziki, si mpira) ya kuchezwa kwenye gwaride. Nimeivuta hadi 160 kwenye kompyuta, sasa maneno hayasikiki na hakuna anayecheka. Nimekosea wapi?*

Umeanza na kasi, wakati Watrinidadi, walioizaa soka kutoka kwenye kalipso, waliifikia mwishoni. Miaka ya mwanzo ya 1970 mwimbaji wao Lord Shorty alibadilisha kwanza mpigo wenyewe. Alichukua midundo ya Wahindi wa Trinidad, ile ya ngoma ya dholaki na chuma cha dhantali, akaichanganya na kalipso. Baadaye akaihamishia kwenye drams, gitaa na besi. Nyimbo zake za wakati ule hazikimbii kama soka ya leo. Mbio zilikuja baadaye, hasa baada ya SuperBlue kushinda taji la barabarani mwaka 1991 kwa wimbo unaoamrisha watu washike kitu wapunge. Taji hilo hutolewa kwa wimbo uliopigwa mara nyingi zaidi makundi ya kanivali yanapopita mbele ya waamuzi, kwa hiyo watunzi waliandika kwa ajili ya miguu ya wapitaji.

Kalipso ya kejeli ilikuwa na msikilizaji wa aina nyingine: ameketi ukumbini, amelipa kiingilio, anasubiri fumbo lifumbuliwe. Mighty Sparrow alipoimba mwaka 1956 juu ya wanawake waliopungukiwa baada ya wanajeshi wa Marekani kuondoka, kijembe kilipata nafasi ya kupanda ubeti kwa ubeti. Lakini nyuma ya lori la spika hakuna anayesubiri mshororo wa nane.

Sasa tuhesabu. Chukua mshororo wa mizani 16, kama huu: *Mheshimiwa kapita, shimo likamtambua*. Ukiuweka kwenye midundo minane kwa kasi ya 96, unachukua sekunde 5, yaani mizani tatu na kidogo kwa sekunde. Kwa 160 unabaki na sekunde 3, na mwimbaji analazimika kutamka zaidi ya mizani tano kwa sekunde. Kiswahili hakina silabi za kumeza, kila irabu inadai haki yake, ndiyo maana sauti yako imekuwa uji.

Dawa ni kuutandaza mshororo huo kwenye midundo 16. Unapata sekunde 6, hata nafasi ya kupumua ipo. Ila mishororo minane itakula sekunde 48 kabla ya kiitikio, na mchezaji hatakuvumilia. Bakiza minne, sekunde 24. Ondoa ile inayoandaa mzaha, uache ile inayochekesha ikisimama peke yake. Huo wa mheshimiwa ubaki, kwa sababu hauhitaji maelezo.

Kiitikio ndipo kazi yenyewe ilipo. Soka huamrisha mwili: ruka, punga, inama. Bahati yako mada yako ina amri ndani yake. Kiongozi aite *Ruka shimo!*, kundi lijibu *Ruka!* Mizani nne na mbili tu, watu wanaruka kweli, na kila anayeruka ameshaisema serikali ya mtaa bila kufungua mdomo. Mada isiyo na tendo kama hilo, mathalani bajeti au mkataba wa bandari, iache kwenye mwendo wa soka ya taratibu, karibu 120. Hapo mshororo wako kwenye midundo minane unapata sekunde 4, na kiuno kinacheza vizuri zaidi kuliko miguu.

Kuhusu mpigo, gawa kipimo kimoja cha midundo minne katika visanduku 16. Kiki, ile ngoma nzito ya mguu, iweke kwenye 1, 5, 9 na 13. Snea, ile ngoma kali ya fimbo, iweke kwenye 4, 7, 12 na 15. Hiyo snea inayoitangulia kiki ndiyo inayomsukuma mchezaji mbele. Ukiiweka kwenye 5 na 13 kama ulivyozoea, utapata disko ya haraka. Besi uliyoivuta kutoka kwenye kalipso ina noti nyingi mno kwa kasi hii. Punguza karibu nusu, la sivyo itagombana na kiki na spika zitanguruma tu.

Sauti irekodi upya. Kuivuta kwa kompyuta kunafifisha konsonanti, na *shimo* linaanza kusikika kama *simo*. Punguza pia mwangwi: kwa 160 kila mdundo ni sekunde 0.375, na mkia mrefu kuliko huo unaangukia neno linalofuata. Barabara yenye kuta pande mbili itaongeza mwangwi wake yenyewe bila kukuomba ruhusa.

Kabla ya gwaride, piga wimbo kwa spika kubwa nje, umsimamishe mtu asiyeujua hatua 30 mbali, akuambie alichosikia. Akirudisha kiitikio pekee, beti zako bado ni nene, rudi ukate.