Jibu: Mpira wa mikono au futsali?

"Picha ya uwanja wa saruji hapa Tononoka: goli dogo, mbele nusu duara. Ni mpira wa mikono au futsali?"

Salama ndugu. Goli halitakusaidia; kote ni mita 3 kwa 2, na nusu duara kote ni ya mita 6. Angalia nje yake. Ukiona mstari wa vipandevipande, mita 9 kutoka golini, huo ni mpira wa mikono. Futsali haina mstari huo. Ina nukta ya pili ya penalti mita 10, na visehemu vya duara kwenye kona.

Viwanja vya shule zetu hupakwa michezo mitatu juu kwa juu, kwa hivyo ukikuta alama zote, tazama mpira: ukishikika kwa kiganja kimoja, ni wa mikono.