Amilesi ya kimea cha mtama: ikisiri ya bango isiyodai zaidi ya kilichopimwa

Katika mwaka wa mwisho wa shahada yangu ya kwanza, mimi na mwenzangu tulipima utendaji wa amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, iliyotolewa kwenye kimea cha mtama, kwa viwango mbalimbali vya joto na vya pH, kisha tukatakiwa kuandika ikisiri ya maneno yasiyozidi 250 kwa ajili ya bango. Tuliiandika usiku mmoja. Msimamizi wetu aliirudisha akiwa ameizungushia duara sentensi moja tu: "Matokeo yalionyesha kwamba joto bora la amilesi ni nyuzi 60 na pH bora ni 5, na kwamba kimeng'enya hiki kinastahimili joto, kwa kuwa kilibaki na asilimia 37 ya nguvu yake kwenye nyuzi 80." Pembeni aliandika maswali mawili: "Sukari ya kimea chenyewe mmeitoa? Na bora kwa muda gani?" Maswali hayo yaliturudisha maabara kwa wiki mbili, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa sababu nimeyaona yakirudi katika karibu kila ikisiri ya aina hii niliyoombwa kuipitia tangu wakati huo.

Nianze na swali la sukari. Tulitumia kitendanishi cha DNS, ambacho hubadilika kutoka rangi ya njano kwenda rangi ya chungwa iliyokolea kinapochemshwa pamoja na sukari zenye uwezo wa kupunguza, kama maltosi, na ukali wa rangi hiyo husomwa kwa spektrofotomita kwenye nanomita 540. Kitendanishi hiki hakijui sukari imetoka wapi. Kimea ni nafaka iliyokwisha kuota, na wakati wa kuota sehemu ya wanga wake imeshavunjwa, hivyo kimiminika unachokikamua kina sukari tele kabla hujakikutanisha na wanga wa jaribio lako. Sisi tulikuwa na neli ya ulinganisho yenye wanga na bafa tu, yaani kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike, bila kimea, na tukadhani inatosha.

Neli inayotakiwa ni ile yenye kila kitu, kimea pamoja na wanga, lakini kitendanishi cha DNS kinatangulizwa kwenye wanga kabla ya kimea kuingia. DNS ina alkali kali inayosimamisha kimeng'enya papo hapo, kwa hiyo rangi inayotokea baada ya kuchemsha ni ya sukari ya awali peke yake. Tulipoitengeneza neli hiyo, ilitupa mikromoli 0.8 za maltosi. Neli ya nyuzi 60 ilikuwa imesoma 2.6 baada ya dakika kumi, na ya nyuzi 80 ilikuwa imesoma 0.95. Ukitoa 0.8 kwenye kila moja, ya kwanza inabaki na 1.8 na ya pili inabaki na 0.15. Ile asilimia 37 tuliyoisifia kuwa ustahimilivu wa joto ikashuka hadi asilimia 8, na sehemu kubwa yake ilikuwa sukari iliyokuja na kimea kutoka kwenye trei ya kuoteshea.

Dalili ya kosa hili huonekana kwenye grafu hata kabla ya kurudia jaribio. Mstari wako ukishuka upande wa joto kali halafu ukalala sawia juu ya sifuri badala ya kuendelea kushuka, shuku kwanza sukari ya awali. Hata kama asilimia 37 ingekuwa ya kweli, neno "kinastahimili" lisingefaa, kwa sababu kupima kasi ya kimeng'enya kikiwa kwenye nyuzi 80 si kupima ustahimilivu wake. Ustahimilivu hupimwa kwa kukiweka kimeng'enya kwenye joto hilo kwa muda bila wanga, kukipoza, kisha kukipima kwenye joto la kawaida la jaribio na kulinganisha na kile ambacho hakikupashwa. Hatukufanya hivyo, kwa hiyo neno lile tuliliondoa.

Swali la pili lilitusumbua zaidi, maana vitabu vingi vya shule hutufundisha kwamba kila kimeng'enya kina joto lake bora, kana kwamba ni sifa iliyochongwa ndani yake. Kinachotokea ni mashindano ya mambo mawili. Joto likipanda, kila molekuli ya kimeng'enya ambayo bado ni nzima hufanya kazi haraka zaidi, lakini wakati huohuo molekuli zinazopoteza umbo lake huongezeka dakika baada ya dakika. Kilele unachokiona hutegemea umesubiri kwa muda gani kabla ya kusimamisha jaribio.

Tuliirudia kazi kwa viwango viwili tu, nyuzi 50 na nyuzi 60, tukichukua sampuli kwenye dakika ya 10, ya 20 na ya 40. Kwenye nyuzi 60 maltosi ilikuwa mikromoli 1.8, kisha 2.9, kisha 3.2, yaani ilianza kwa mbio na kuishiwa pumzi. Kwenye nyuzi 50 ilikuwa 1.5, kisha 3.0, kisha 5.4. Katika dakika kumi nyuzi 60 ndizo bora, katika dakika ishirini hakuna tofauti ya maana, na katika dakika arobaini nyuzi 50 zimeshinda kwa mbali. Mtu aliyeandika "joto bora ni nyuzi 60" bila kutaja dakika kumi hajasema uongo, ila amemnyima msomaji nusu ya taarifa. Kwa mama anayekoroga kimea kwenye uji wa mtoto ili uwe mwepesi, nusu hiyo ndiyo yenye maana, kwa kuwa uji haukai kwenye joto moja kwa dakika kumi kamili kama neli ya maabara.

Kwa upande wa pH nitasema jambo moja. Tulitumia bafa ya asetati kwa pH 4 na 5, na bafa ya fosfati kwa 6, 7 na 8, na hapo mkaguzi makini atauliza kama badiliko kati ya 5 na 6 limeletwa na pH au na kubadilisha bafa. Tulijibu kwa kupima pH 5.7 katika bafa zote mbili, na matokeo yalipokaribiana tukaandika hivyo kwa maneno machache. Wenzetu wa kundi jingine walikwepa tatizo hilo kwa kutumia bafa ya sitrati na fosfati, ambayo peke yake inatosha kwa sehemu kubwa ya upana huo, lakini sitrati hushika kalsiamu, na alfa-amilesi huihitaji kalsiamu ili idumishe umbo lake. Waliikwepa nyoka wakakanyaga mwiba.

Sasa kuhusu namba zenyewe. Katika rasimu ya kwanza tuliandika matokeo yenye mkengeuko sanifu mdogo wa kupendeza, tukijivunia vipimo vitatu kwa kila joto. Vipimo hivyo vilikuwa neli tatu zilizojazwa kutoka chupa moja ya kimiminika, kwa hiyo mkengeuko ule ulipima uimara wa mkono wa mwenzangu kwenye pipeti, wala haukusema lolote kuhusu mtama. Tulipootesha mafungu matatu tofauti ya mtama na kukamua kila fungu peke yake, mkengeuko ulikua mara kadhaa. Nyuzi 60 zikawa na yuniti 36 kwa gramu, kujumlisha au kutoa 3, na nyuzi 50 zikawa na 31, kujumlisha au kutoa 4. Kwa mafungu matatu, tofauti hiyo haitoshi kusema kwamba nyuzi 60 zinazizidi nyuzi 50, hata katika dakika kumi zile zile. Kwa hiyo tukaacha kutaja kilele kimoja na kutaja eneo.

Yuniti hizo, yaani mikromoli za maltosi kwa dakika, huwasumbua wengi, nami nitaonyesha hesabu moja. Mikromoli 1.8 kwa dakika 10 ni 0.18 kwa dakika. Zilitokana na nusu mililita ya kimiminika, kwa hiyo ni 0.36 kwa mililita. Kimiminika kilikuwa kimezimuliwa mara kumi, hivyo ni 3.6, na kwa kuwa gramu 5 za unga wa kimea zilikamuliwa kwa mililita 50, kila gramu ina mililita 10, ndiyo maana tunafika 36. Ukiandika tu usomaji wa spektrofotomita, hakuna anayeweza kulinganisha kimea chako na cha mwingine.

Ikisiri iliyokubaliwa hatimaye ilisomeka hivi:

"Kimea cha mtama hutumika kupunguza uzito wa uji kwa sababu ya amilesi iliyomo, lakini utendaji wake hutegemea joto, pH na muda. Tulipima utendaji wa jumla wa amilesi katika mafungu matatu ya kimea yaliyooteshwa kwa nyakati tofauti, kwa kutumia wanga wa asilimia 1 na kitendanishi cha DNS, baada ya kutoa sukari ya awali ya kila fungu. Yuniti moja ni mikromoli moja ya maltosi kwa dakika. Kwa dakika 10 kwenye pH 5, utendaji ulipanda kutoka yuniti 14 kwa gramu kwenye nyuzi 30 hadi 31±4 na 36±3 kwenye nyuzi 50 na 60, kisha ukashuka hadi 3 kwenye nyuzi 80. Kwenye nyuzi 50, utendaji ulikuwa mkubwa zaidi kwenye pH 5 na 6 (yuniti 31 na 27), na mdogo zaidi kwenye pH 8 (yuniti 6). Muda ulipoongezwa hadi dakika 40, nyuzi 50 zilitoa maltosi nyingi kuliko nyuzi 60. Hivyo joto linalofaa hupungua kadiri muda wa jaribio unavyoongezeka."

Angalia neno "utendaji wa jumla". Kimea cha nafaka kina alfa-amilesi na beta-amilesi, na DNS husoma sukari za zote mbili bila kuzitenganisha, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kuandika alfa-amilesi, ingawa ndivyo kichwa cha bango kilivyokuwa mwanzoni. Angalia pia kwamba sentensi ya viwango vya joto inataja pH iliyoshikiliwa, na ile ya pH inataja joto, kwa sababu hatukupima kila mchanganyiko wa vyote viwili. Tulifuta sentensi ya mwisho ya rasimu, iliyodai kwamba matokeo yatavisaidia viwanda vya bia, kwa kuwa hatukuwa tumepima chochote ndani ya pombe.

Jambo lililobaki lilikuwa kichwa cha bango. Tulilibadilisha neno alfa-amilesi kwenye ikisiri tukalisahau kwenye faili lililokwenda kwa mchapaji, na siku ya maonyesho swali la kwanza kutoka kwa mkaguzi lilikuwa: "Beta mmeipeleka wapi?"