Thairoksini damuni: majibu kwa maswali manne

“Mama yangu hudungwa insulini kila siku, nami nameza kidonge cha tezi ya shingo. Kwa nini naye asipewe kidonge?” (Kisauni)

Insulini ni homoni ya kundi la protini, ndogo, yenye asidi amino 51, na tumbo haliitofautishi na kipande cha changu kilicholiwa mchana: vyote viwili humeng’enywa. Thairoksini, homoni ya tezi iliyomo katika kidonge chako, ni ya kundi linaloundwa kwa asidi amino moja, tairosini, hapa pamoja na iodini; ni ndogo na hupita ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Kundi la tatu la homoni ni steroidi, kama kotisoli na estrojeni, zinazotokana na kolesteroli. Lakini kujua kundi pekee hakutoshi kujua tabia ya homoni, kwani adrenalini nayo hutokana na tairosini, ila huyeyuka majini kama insulini, ilhali thairoksini hupatana na mafuta kama steroidi. Kidonge chako kimeze kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai ya maziwa na mahamri, kwa sababu chakula huzuia sehemu yake isifyonzwe.

“Nina mimba ya miezi mitano. Karatasi ya maabara inasema T4 jumla imepanda, daktari anasema tezi yangu ni nzima. Nimwamini nani?” (Likoni)

Wote wawili wamesema kweli, Bi, kwani kila mmoja amehesabu kitu chake. Thairoksini, ndiyo T4, haipatani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo husafiri ikiwa imeshikwa na protini zinazotengenezwa na ini. Iliyo kuu, globulini inayoshika thairoksini, hubeba takriban asilimia 70, na karibu yote iliyosalia hubebwa na transtairetini na albumini. Katika kila molekuli 10,000 za thairoksini, kama tatu tu ndizo huru, na hizo ndizo zinazoingia ndani ya seli. Abiria aliye bado ndani ya feri, wewe wa Likoni wajua, hajafika kazini.

Katika mimba estrojeni huongezeka, na kwa sababu yake ile globulini huwa nyingi damuni na kunasa zaidi. Molekuli huru zinapopungua, ubongo huhisi upungufu na kuisukuma tezi kwa TSH, homoni inayoiamuru itoe thairoksini, mpaka nafasi mpya zijae. Tuseme zile 10,000 zimekuwa 15,000: walioongezeka ni abiria walioshikwa, na walio huru wamebaki watatu. T4 jumla imewahesabu wote. Daktari ametazama T4 huru na TSH. Anayetegemea vidonge kwa kuwa tezi yake imeshindwa hawezi kuziba pengo hilo mwenyewe, kwa hiyo amwone daktari mara tu ajuapo ana mimba, maana mara nyingi dozi hupandishwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha globulini vivyo hivyo. Sindano ya miezi mitatu, isiyo na estrojeni, haina athari hiyo.

“Nilisahau dawa ya tezi siku mbili na sikuona tofauti. Je, naihitaji kweli?” (Changamwe)

Unaihitaji. Nusu-maisha ya thairoksini, yaani muda ambao kiasi kilichomo damuni hupungua hadi nusu, ni kama siku 7, kwa hiyo baada ya siku mbili ulibaki na takriban asilimia 80. Ukiacha wiki moja itabaki nusu, wiki mbili robo, wiki tatu thumuni, na uchovu utakuwa umekwisha rudi. Kilichokusitiri ni ile akiba iliyoshikwa na protini, ambayo figo haiwezi kuichuja. Insulini haina mbebaji wa namna hiyo: ikishaingia damuni, nusu yake huondoka kwa dakika chache tu. Ya sindano hudumu kwa sababu hufyonzwa polepole kutoka chini ya ngozi. Kwa hesabu hiyohiyo, dozi mpya ya thairoksini huchukua kama wiki tano kutulia, na kupima TSH baada ya siku kumi ni kupoteza pesa.

“Mume wangu ana homoni nyingi ya tezi, akapewa propranololi kwa moyo kwenda mbio. Aliiacha ghafla, moyo ukamwenda mbio kuliko mwanzo. Kwa nini?” (Majengo)

Homoni hufanya kazi inapokutana na kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wake, na idadi ya vipokezi haikai pale pale. Thairoksini ikizidi, seli za moyo huongeza vipokezi vya adrenalini, hata adrenalini yenyewe isipoongezeka. Propranololi huviziba, na seli inayokosa ujumbe kwa muda huongeza vingine tena. Dawa ilipokatwa, vyote vilikuwa wazi kwa wakati mmoja.

Kinyume chake hutokea ujumbe unapozidi. Insulini ikiwa juu kwa miezi, seli huvivuta vipokezi vyake ndani na kuvunja baadhi, hivyo huitikia kidogo, ingawa usugu wa insulini una sababu nyingine pia ndani ya seli. Kwa mumeo, arudi kwa daktari leo. Propranololi hupunguzwa kidogo kidogo, ili seli nazo zipate muda wa kupunguza vipokezi.