Mwongozo wa mjadala na vijana kuhusu kliniki: mtume Mercy aende badala yao

Rasimu nyingi za miongozo ya mijadala ya vikundi ninazoletewa nizipitie zina maswali ishirini na zaidi, na mengi ni malengo ya utafiti yaliyobandikwa alama ya kuuliza. "Ni vikwazo gani vinavyowazuia vijana kupata huduma za afya ya uzazi?" Uliza hivyo mbele ya vijana wanane pale Mathare, Nairobi. Wa kwanza atasema pesa, wa pili foleni, wa tatu atasema anakubaliana na wenzake, kisha watakutazama wakingoja swali linalofuata.

Piga hesabu ya muda kabla ya kuandika. Mjadala wa dakika 90 hutumia kama dakika 15 kwa ridhaa, kanuni za kikao na kujuana, na kama 10 za kufunga. Zinabaki 65. Ukitaka kila mmoja wa wale wanane azungumze hata dakika moja na nusu kwa kila swali, swali moja limekula dakika 12. Kwa hiyo una nafasi ya maswali makuu matano. Ukiwa na ishirini, hicho ni hojaji, na hojaji haihitaji watu wakae duara.

Kazi ngumu ni kuamua matano hayo yaulizweje. Vijana hawa wanatoka mtaa mmoja, wengine ploti moja. Unaweza kuwaomba yanayosemwa yabaki chumbani, lakini huwezi kuwaahidi kwamba yatabaki, na wao wanalijua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana mwongozo wangu hauna swali la "wewe uliwahi". Natumia kisa kifupi cha mtu wa kubuni.

Kwa kikundi cha wasichana wa miaka 15 hadi 17 naandika hivi: "Mercy ana miaka 17, anaishi mtaa kama huu. Ameamua kwenda kliniki kuuliza kuhusu kupanga uzazi. Akifika getini anamwona jirani yao ameketi kwenye benchi." Kisa kimeisha hapo. Maswali yanamfuata Mercy kwa mpangilio wa kliniki yenyewe. Atafanya nini akimwona jirani? Akifika dirisha la usajili ataambiwa nini, na nani atasikia? Ndani ya chumba mazungumzo yataendaje? Akitoka, mtaani nani atajua alichoendea, na atajuaje? Swali la tano linamwacha Mercy: kama mngeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu pale, lipi lianze?

Angalia kisichokuwemo. Sikuandika kwamba muuguzi ni mkali wala kwamba Mercy anaogopa. Ukishaandika hivyo umewapa jibu, na watakurudishia jibu lako kwa heshima zote.

Chini ya kila swali andika maswali mawili au matatu ya kudodosa, yanayotaka tukio na si maoni. Kwa vijana wengi wa Nairobi kila mtu anayewahudumia hospitalini ni "daktari", hata karani. Kwa hiyo akisema "daktari alipiga kelele", mwongozo umkumbushe mwezeshaji kuuliza: huyo alikuwa chumba gani, anafanya kazi gani? Bila hilo ripoti itawalaumu wauguzi kwa maneno yaliyotoka dirishani. Dodoso jingine ninalolipenda: "Ingekuwa ni kaka yake Mercy, yangekuwa yale yale?" Hapo mabishano huanza, na mabishano ndiyo uliyoyafuata.

Wavulana wapewe kikundi chao na kisa chao, vivyo hivyo wa miaka 18 hadi 24. Kwa walio chini ya 18 utahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na ya kijana mwenyewe, isipokuwa kamati ya maadili ya utafiti iwe imeamua vinginevyo. Kamati hiyo itataka kuuona mwongozo pia, kwa hiyo usiuache kuwa karatasi ya mwisho kuandikwa.

Ujaribu na kikundi kimoja kabla ya kuanza utafiti. Kwa kila swali mwandishi wa kumbukumbu achore duara la viti, na kila mtu anapozungumza apige mshale kuelekea anayemwambia. Mishale yote ikienda kwa mwezeshaji, swali hilo bado ni la hojaji. Ikikatizana katikati ya duara, liache lilivyo.

Kisa cha Mercy kina mpaka wake. Kinakuonyesha vijana wanatarajia nini kliniki na nini huonwa aibu mtaani. Hakikwambii wangapi wamewahi kurudishwa getini, wala kilichompata fulani. Mara nyingi kuna mmoja ataacha kusema "Mercy" na kuanza kusema "mimi". Mwandikie mwezeshaji maneno ya kutumia papo hapo: "Asante, dada. Tukimaliza tutaongea, sisi wawili." Na chini yake aandikiwe jina la kituo atakachomwelekeza akihitaji msaada, pamoja na saa zake za kazi, ulizozihakikisha wiki hiyo.